Maswali ya Ufahamu ya Ngazi Nne kwa Hadithi Moja Fupi: Mwongozo Kamili

Mwalimu mwenzangu wa darasa la sita, huku Pemba, aliniletea maswali kumi aliyoyatunga kwa hadithi ya ukurasa mmoja. Alikuwa ameambiwa maswali yake ni ya kukumbuka tu, akayatengeneza upya. Nikayasoma. Penye "nani" pamefutwa pamewekwa "kwa nini", na penye "taja" pamewekwa "eleza". La mwisho lilikuwa "Unadhani hadithi hii inatufunza nini?" Majibu yake yalikuwa yale yale ya mwanzo, neno kwa neno.

Si yeye peke yake. Kila anayeniletea daftari lake kosa ni hilo hilo, kwa hiyo hapa nalifuata hatua kwa hatua, kwa hadithi moja tangu mwanzo mpaka mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo

- Hadithi yenyewe, isizidi ukurasa mmoja, kila aya ikiwa na namba pembeni.
- Penseli na karatasi mbili: moja ya maswali, moja ya majibu na alama.
- Mtu mzima mmoja ambaye hajaisoma hadithi. Mwalimu wa hesabu anafaa sana.
- Muda wa saa moja na nusu kwa mara ya kwanza. Ukizoea utatumia dakika arubaini.

Hadithi nitakayoitumia nimeitunga mwenyewe kwa kazi hii.

> Majamvi ya Bi Mize
>
> (1) Bi Mize alianika karafuu zake uwanjani juu ya majamvi mawili. Ilikuwa siku ya tatu ya jua, na zilikuwa zimeanza kugeuka rangi.
>
> (2) Kabla ya kwenda mazikoni kijiji cha pili, alimwita mjukuu wake, Hamadi. "Mume wangu, wingu likitanda usisubiri tone. Kunja majamvi uyaingize ndani." Hamadi aliitikia, "Haya, bibi," macho yake yakiwa njiani.
>
> (3) Baada ya adhuhuri rafiki zake walipita na mpira. Hamadi alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, ila upande wa bahari palikuwa na wingu dogo kama kiganja. "Lile liko mbali," alisema moyoni, akawafuata.
>
> (4) Mvua ilimkuta katikati ya mchezo. Alikimbia mpaka nyumbani. Uwanjani hapakuwa na jamvi hata moja. Yote mawili yalikuwa ukumbini, yamekunjwa, karafuu zimo ndani yake kavu. Barazani kwa jirani alikaa Bi Saumu, kanga imerowa mpaka mabegani, miguu imejaa matope. "Bibi akirudi nitamwambia nini?" Hamadi aliuliza. Bi Saumu alikamua ncha ya kanga yake. "Mimi sikuulizwa kitu, na sitasema kitu."
>
> (5) Magharibi Bi Mize alirudi. Alizigusa karafuu, akanusa kiganja chake, akatabasamu. "Leo nimepata mlinzi," alisema, akampa Hamadi shilingi elfu moja. Hamadi alizipokea. Usiku ule usingizi ulichelewa kumjia. Alfajiri, kabla bibi hajaamka, mlango wa Bi Saumu uligongwa.

## Ngazi nne, na namna ya kuzitambua

Ngazi ya swali inaamuliwa na mahali jibu lilipo. Neno linaloanzia swali halina nguvu hiyo.

Kukumbuka: jibu liko katika sentensi moja. Unaweza kuliwekea kidole.

Kuunganisha: jibu limo hadithini, lakini vipande vyake viko sehemu mbili au zaidi, na msomaji ndiye anayevikutanisha.

Kung'amua: hadithi haikulisema jibu. Imetoa dalili, na msomaji anazitia akilini mwake akapata jambo ambalo mwandishi amelinyamazia.

Maoni: jibu liko kwa msomaji, ila sababu zake lazima zitoke hadithini.

Tazama maswali mawili haya. "Kwa nini Bi Mize alikwenda kijiji cha pili?" Lina "kwa nini", lakini jibu, mazikoni, liko wazi katika aya ya 2. Ni la kukumbuka. "Nani aliyeyaingiza majamvi ndani?" Lina "nani", neno la darasa la kwanza, na hakuna sentensi hata moja inayosema ni nani. Ni la kung'amua. Mwenzangu angekuwa na swali hili la pili katika daftari lake la zamani, angelifuta akidhani ni jepesi.

Wengi wetu chuoni tulikaririshwa ngazi sita za Bloom: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Sizikatai. Ila ukijaribu kuzijaza zote sita kwa hadithi ya maneno mia mbili utaanza kulazimisha, na swali la "kubuni" litageuka kuwa insha. Nne zinatosha.

## Hatua ya 1: Tafuta mashimo ya hadithi

Isome mara mbili. Mara ya pili shika penseli, na kila mwandishi aliponyamaza tia duara. Nayaita mashimo. Katika hadithi hii nimepata manne: nani aliyeingiza majamvi, kama Bi Mize anajua kilichotokea, kwa nini Hamadi alichelewa kulala, na nani aliyegonga mlango.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba maswali ya kung'amua hayatungwi kutoka kwenye kilichoandikwa. Ukiruka hatua hii utabaki na maneno ya ukurasani, na maneno ya ukurasani yatakupa maswali ya kukumbuka tu.

Tahadhari: si kila shimo linafaa. Kama Bi Mize anajua au hajui, hadithi haitoi dalili ya kutosha. Anaposema "nimepata mlinzi" huenda anamsifu, huenda anamchokoza. Shimo lisilo na dalili liache. Ukiliuliza, mtoto atabahatisha nawe utasahihisha kwa kubahatisha.

Umefanikiwa ukiwa na mashimo mawili au matatu ambayo kila moja lina dalili mbili unazoweza kuzipigia mstari. Hadithi isiyo na shimo hata moja haitakupa ngazi ya tatu, hata uisome mara kumi. Tafuta nyengine.

## Hatua ya 2: Tunga swali la maoni kwanza

Karibu kila mtu anaanza na maswali mepesi, na akifika la maoni amechoka, anaandika "hadithi hii inatufunza nini?" Geuza mwendo. Swali la juu ndilo litakalokuonesha ni mambo gani ya hadithi mwanafunzi lazima ayashike, na hayo ndiyo utakayoyauliza chini.

Nakumbuka mwaka nilioanza kufundisha niliwauliza watoto arubaini na kitu: "Je, ni vizuri kumsaidia jirani?" Wote waliandika ndiyo. Wawili kati yao hawakuwepo siku tuliyoisoma hadithi, na walipata alama zote.

Swali la maoni lenye uhai lina sifa mbili. Halijibiki bila kusoma. Na walimu wawili wenye akili zao wanaweza kulijibu tofauti. Kwa hadithi yetu nimeandika hivi:

*"Bi Saumu alisema, 'sitasema kitu.' Je, alifanya vyema kunyamaza? Toa maoni yako, na uyatetee kwa mambo mawili kutoka katika hadithi."*

Lijaribu mbele ya walimu wenzako. Wote wakikubaliana kabla chai haijapoa, swali ni bovu. Mimi nililiuliza hili, na mwalimu mmoja akasema Bi Saumu kamlea mtoto vizuri, mwengine akasema kamficha mzazi mwenziwe ukweli. Hapo nikajua limeiva.

Tahadhari: watoto wetu wanatoka madrasa, na jibu la kwanza kalamuni ni "uongo ni dhambi". Neno ni la kweli, lakini halijibu swali. Irudie aya ya 5: Hamadi hakusema uongo hata mmoja. Alipokea tu pesa na kunyamaza. Ndiyo maana nimedai mambo mawili *kutoka katika hadithi*. Bila ya maneno hayo utapata hotuba arubaini za Ijumaa.

## Hatua ya 3: Yageuze mashimo kuwa maswali ya kung'amua

Kwa kila shimo andika swali, kisha ongeza sharti la ushahidi: "Umejuaje?", "Taja dalili mbili." Bila ya sharti hilo mtoto anayebahatisha na mtoto anayefikiri wataandika jibu moja, nawe huwezi kuwatofautisha.

*"Nani aliyeyaingiza majamvi ndani? Taja dalili mbili zilizokuonesha."* Jibu: Bi Saumu. Dalili: kanga imerowa mpaka mabegani, miguu imejaa matope, maneno yake kwamba hatasema kitu, maana kama si yeye asingekuwa na la kuficha.

*"Nani aliyegonga mlango wa Bi Saumu alfajiri? Taja dalili mbili."* Jibu nililolitegemea ni Hamadi: alichelewa kulala, alipokea pesa asizostahiki, na mlango uligongwa kabla bibi hajaamka, yaani kwa siri.

Hili la pili lilinipa funzo. Mtoto mmoja aliandika: "Ni mtu anayeamsha watu kwa sala, kwa sababu ilikuwa alfajiri." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwa hapa kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa, na dalili ameitoa hadithini. Nilimpa alama moja kati ya mbili, kwa kuwa dalili yake ni moja na haigusi kule kuchelewa kulala. Ningalikuwa sikudai dalili mbili, ningelazimika kumpa zote au kumnyima zote bila sababu.

Na usiulize "Hamadi alikwenda kufanya nini?" ukiwa na jibu moja mkononi. Huenda alikwenda kutoa pesa, kushukuru, au kuomba siri idumu. Hadithi imefungwa mlangoni.

### Swali linalopima maisha ya mtoto badala ya usomaji wake

Hapa ndipo walimu wazuri wanapoanguka. Zamani nilikuwa na swali hili: *"Kwa nini Bi Mize alisema usisubiri tone?"* Darasa zima lilipata. Nikadhani wamesoma vizuri. Kumbe hakuna haja ya kusoma: mtoto wa Pemba anajua tangu hajaingia skuli kwamba karafuu ikirowa kabla haijakauka huvunda, na iliyovunda bei yake inashuka. Swali lile lile ukilipeleka kwa mtoto wa mjini Unguja ambaye hajawahi kushika jamvi, atakosa, ingawa kila neno amelielewa.

Dawa ni mbili. Ama ulifute, kama nilivyofanya, ama uiongezee hadithi sentensi: "Karafuu ikirowa huvunda." Ila tambua kwamba ukiiongeza, jibu limeshaingia ukurasani, na swali limeshuka kuwa la kukumbuka. Huwezi kulihesabu tena kuwa la juu.

Kila swali la kung'amua jiulize: dalili imo hadithini, au imo uwanjani kwao?

## Hatua ya 4: Maswali ya kuunganisha

Chukua aya mbili zinazogongana uziulize pamoja. *"Hamadi aliambiwa afanye nini wingu likitanda, naye alifanya nini alipoliona wingu?"* Nusu ya jibu iko aya ya 2, nusu aya ya 3. Alama moja kwa kila nusu.

La pili ninalolipenda ni la mfululizo: mpe matukio manne yaliyovurugwa ayapange. Kwa hadithi hii: Bi Saumu anakamua kanga, rafiki wanapita na mpira, Hamadi anapewa pesa, mvua inanyesha. Sahihisha kwa jozi, si kwa nafasi. Mtoto akikosea tukio la kwanza tu, yote yanasogea, na ukihesabu nafasi atapata sifuri kwa kosa moja. Uliza: je, mpira umetangulia mvua? Je, kanga imetangulia pesa? Kila jozi alama moja.

## Hatua ya 5: Maswali ya kukumbuka, mwisho kabisa

Sasa rudi kwenye swali lako la maoni. Mtoto atakayelijibu lazima ajue nini? Aliyepewa kazi, alichosema Bi Saumu, alichotoa Bi Mize. Hayo ndiyo maswali ya kukumbuka. Rangi ya karafuu haina kazi huko mbele, usiiulize.

Kuna hatari moja ambayo nataka uione kwa macho yako. Soma sentensi hii:

*Kipuruzi kilikuwa kimebogota mng'wazo juu ya kidwepo cha Mfyeto.*

Haina maana yoyote, maneno nimeyabuni. Sasa jibu: Kipuruzi kilikuwa kimebogota nini? *Mng'wazo.* Juu ya nini? *Kidwepo.* Cha nani? *Cha Mfyeto.* Umepata tatu kwa tatu na hujaelewa kitu. Kiswahili kina upatanisho wa ngeli unaomshika mtoto mkono mpaka kwenye jibu, na swali linalorudia maneno ya hadithi linamruhusu kunakili bila kusoma.

Kwa hiyo badilisha maneno ya swali. Hadithi inasema "akampa Hamadi shilingi elfu moja". Usiulize "Bi Mize alimpa Hamadi nini?" Uliza *"Hamadi alizawadiwa kitu gani?"* Neno "alizawadiwa" halimo ukurasani, na mtoto lazima ajue kuwa kupewa huku ni zawadi. Jibu bado liko katika sentensi moja, ngazi ni ile ile, lakini mlango wa kunakili umefungwa.

## Hatua ya 6: Andika majibu na alama kabla ya kugawa karatasi

Mimi hutumia maswali manane: matatu ya kukumbuka, mawili ya kuunganisha, mawili ya kung'amua, moja la maoni. Alama ni 3, 4, 4 na 4, jumla 15. Mtoto anayekumbuka na kuunganisha tu anaishia 7, chini ya nusu, na ndivyo ninavyotaka.

Alama nne za maoni zigawe hivi: moja kwa msimamo ulio wazi, moja kwa kila jambo kutoka hadithini, na moja kwa kuonesha jambo hilo linavyoutetea msimamo. Hakuna alama ya kukubaliana na mwalimu.

Majibu mawili ya watoto, kama walivyoandika:

*"Alifanya vyema kwa sababu Hamadi aliuliza atamwambia nini bibi, basi alishajuta. Na hakulala upesi. Angesemwa na mtu mwengine asingejifikiria mwenyewe."* Nne kwa nne.

*"Hakufanya vyema. Majirani wanatakiwa kusema ukweli kwa sababu ukweli ni mzuri."* Moja. Msimamo upo, hadithi haipo.

Usikate alama kwa tahajia wala kwa lugha ya nyumbani. Mtoto akijibu kwa Kipemba na jibu ni sahihi, ameelewa. Lugha utaipima kwenye insha.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kufundishia

Mpe mwalimu wa hesabu maswali bila hadithi. Kila analolijibu sawasawa ni bovu. Swali langu la kumsaidia jirani lingekamatwa hapa kwa nusu dakika.

Kisha mpe hadithi na penseli, umwambie apige mstari chini ya jibu la kila swali. La kukumbuka lina mstari mmoja, la kuunganisha mistari mahali tofauti, la kung'amua anapiga chini ya dalili lakini jibu lenyewe halipigiki. Akipiga mstari mmoja chini ya jibu la swali uliloliita la kung'amua, umejidanganya. Lishushe ngazi au lifute.

## Baada ya kusahihisha

Hesabu kila swali limepatwa na wangapi. Jumla ya darasa pekee haitakwambia kitu.

Wakikosa hata ya kukumbuka, tatizo ni kusoma kwenyewe au msamiati. Waulize "kiganja" ni nini kabla hujalaumu ufahamu wao. Wakipata ya kukumbuka na kukosa ya kuunganisha, wanasoma sentensi moja moja kama orodha ya duka. Kesho wape aya ya 2 na ya 3 tu, waambie wachore mshale kutoka neno la bibi mpaka tendo la Hamadi.

Wakipata yote isipokuwa ya kung'amua, angalia walichoandika. Mara nyingi utakuta "hadithi haikusema". Usiwape jibu. Waite mbele watoto wawili, mmoja awe Bi Saumu, mtie kanga yenye maji mabegani na matope ya kuchora miguuni, umkalishe kwenye dawati. Uliza darasa: huyu katoka wapi?